Tiketi ya Dar–Dubai: wakala wa WhatsApp au ofisi ya shirika?

Kariakoo_Mzigo: Wakuu, nafuata mzigo Dubai. Wakala wa WhatsApp ananipa Emirates kwa bei iliyo chini ya ofisini kwa laki tatu. Ameshanitumia PDF ya tiketi na ya hoteli ya Deira. Nimlipe huyu au niende ofisini?

BintiKigamboni: Safari lini? Umeshalipa chochote? PDF ina namba ya tiketi au ile PNR ya kubuki tu? Bila hayo tunapiga ramli.

Kariakoo_Mzigo: Sijalipa, naondoka wiki ijayo. PNR nimeiingiza kwenye tovuti ya Emirates, jina langu limetokea.

Dogo_Sinza: Kama limetokea, lipa mkuu. Karatasi feki haiingii kwenye mfumo.

Mzee_wa_Kaunta: Polepole, Dogo. Jina kutokea maana yake kiti kimeshikiliwa tu, na wakala anaweza kukishika bila kutoa hata senti. Muda wa kukata tiketi ukipita, shirika linakifuta. Tapeli anacheza hapo katikati: anakuonyesha PNR ya kweli, namba ya tiketi anaichapa mwenyewe. Namba hiyo ni tarakimu 13, na za Emirates huanza na 176. Yako inaanzaje?

Kariakoo_Mzigo: 071.

Mzee_wa_Kaunta: Hiyo ni ya Ethiopian. Mashirika yenye mkataba huweza kukatiana tiketi, kwa hiyo namba pekee haitoshi kumhukumu mtu. Ila inanukia tiketi ya abiria mwingine iliyobadilishwa jina na nembo. Wapigie Emirates kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, siyo ya kwenye PDF, uwaulize kama tiketi imekatwa. Ukilipa, uliza tena kesho yake. Wapo wanaokata tiketi halali, wanakuonyesha, kisha wanaibatilisha siku hiyohiyo. Kwenye mfumo itasomeka VOID badala ya OPEN FOR USE, na PDF yako haitabadilika hata nukta.

BintiKigamboni: Kuna na ile ya kadi ya wizi. Tiketi inakuwa halali kabisa, abiria anakwenda vizuri. Mwenye kadi akilalamika benki, kuponi ya kurudi inafungwa, na abiria anaijua habari hiyo akiwa kaunta ya Dubai na mabegi yake. Ndiyo maana bei inashuka hivyo. Kamisheni ya wakala haizai laki tatu.

Pwani_Tupu: Mimi nauliza hoteli ya Nungwi, nayo ni hivyohivyo?

Mzee_wa_Kaunta: Hoteli ni rahisi zaidi kughushi. Anabuki chumba kinachofutwa bure na kulipwa ukifika, anakutumia uthibitisho halisi, ukishamlipa anafuta. Ipigie hoteli uulize mambo mawili: jina lipo, na chumba kimeshalipiwa?

Dogo_Sinza: Basi alipe kwa lipa namba, pesa inarudishwa.

BintiKigamboni: Inarudi kama haijatolewa. Tapeli hailazi.

Dogo_Sinza: Mbona mtu wangu alirudishiwa?

BintiKigamboni: Aliripoti baada ya dakika ngapi?

Kariakoo_Mzigo: Nimemuuliza hiyo 071. Anasema nilipe nusu kwanza ndipo atume nyingine.