CatVTON au IDM-VTON, ipi ya kumvisha mteja gauni pichani?

Charahani_Darajani: Assalaam alaykum. Nashona magauni, na wateja wananitumia picha zao wakitaka kujiona wamevaa kabla sijakata kitambaa. Kati ya programu hizo mbili nichukue ipi?

Kombo_Wete: Waalaykum salaam. Suali lako nusu, bibi. Gauni limetandikwa au limevaliwa na mtu? Kompyuta ina kadi ya picha ya GB ngapi?

MamaDera: Chukua IDM-VTON shoga, nakshi zinatoka kama zilivyo. Hiyo nyengine ya wavivu.

Charahani_Darajani: Yamevaliwa na binti yangu. Kadi GB 8.

Kombo_Wete: Basi CatVTON, picha ya 1024 kwa 768 inaiweza. MamaDera kwenye nakshi hajakosea, lakini IDM-VTON ya kawaida imefunzwa kwa mavazi ya juu tu. Ukiipa gauni refu inakushonea blauzi. Kwenye CatVTON chagua `overall`, si `upper`. Na mwondoe binti yako pichani kwanza, libaki gauni tupu juu ya nyeupe, la sivyo utaona mkono wake kwa mteja.

MamaDera: Mie yalonikuta! Dada yangu alitaka kujiona na gauni la kijani. Pichani kajifunga mtandio umeshuka mpaka kifuani. Gauni lilitoka zuri ajabu, nami kwa furaha nikalitupa kundi la familia bila kuangalia juu. Mtandio umeliwa, kachorewa shingo na kifua wazi! Shemeji hakunisemesha wiki nzima, anadhani nimempiga dada picha chumbani.

Kombo_Wete: Hapo kosa ni maski. Programu hufuta eneo la nguo ya zamani lililopakwa maski halafu hulichora upya. Mtandio ukiwa ndani ya eneo lile haiuoni tena, inabuni. Paka maski kwa mkono, ianzie chini ya mtandio. Ila usiibane sana: ikifuata ukingo wa buibui, gauni jipya nalo litatoka na umbo la buibui.

Mpemba_Kigoda: Mimi nilijaribu kanga. Jina lake likatoka kama hirizi.

Kombo_Wete: Ndani ya programu picha inapunguzwa mara 8 kila upande, herufi ndogo haziponi. Kwa kanga hata IDM-VTON sikuahidi.

MamaDera: Kanga bila jina si kanga, hiyo leso ya kufutia meza.

Mpemba_Kigoda: Bibi, umesoma leseni? Zote mbili haziruhusu biashara.

Charahani_Darajani: Picha siiuzi, nauza gauni.

Mpemba_Kigoda: Ndiyo biashara yenyewe hiyo.

Kombo_Wete: Hapo mtabishana mpaka Idi. Mimi naogopa kipimo: pichani gauni litamkaa kila mtu, hata lisilomwingia.

Charahani_Darajani: Kipimo nina utepe. MamaDera, lile la kijani kitambaa gani?

MamaDera: Satini. Njoo faragha nikwambie duka.