Mrejesho: klipu ya Jiwe la Bismarck

Nililouliza: "Nina klipu ya sekunde 8 ya machweo pale Jiwe la Bismarck, Mwanza. Mteja mwenye nyumba ya wageni anataka ndefu zaidi. Nikiirefusha kwa AI, mawe yanayeyuka. Nifanyeje?"

Wakuu, nimerudi. Tatizo lilikuwa mwisho wa klipu: mkono wangu ulitikisika, na programu huanza kurefusha kutoka picha za mwisho. Ukungu ukazaa ukungu. Nilikata nusu sekunde ili klipu iishie jiwe likionekana vizuri, nikaandika maelezo mafupi: kamera imetulia, mawimbi tu yanasogea. Jaribio la 3 likakubali. Yale 2 yaliyoharibika nayo yalikula krediti, kwa hiyo sasa naanza na ubora wa chini.

Kilichoniuma ni leseni. Nilitumia akaunti ya bure, nembo ya programu ikabaki pembeni ya video. Nikalipia mwezi mmoja nikidhani imeisha. Wapi! Masharti yao yanasema kilichotengenezwa bure hakiruhusiwi kwa biashara hata ukilipia baadaye. Hata ningeikata nembo, ruhusa isingekuwepo. Nikarudia kazi yote ndani ya akaunti ya kulipia.

Mteja nimemwambia wazi kwamba nusu ya pili si ziwa halisi. Kakubali, ila yule ndege aliyechomoza mwenyewe angani kasema nimtoe.