Kifurushi kinasema "nyaraka bila kikomo", tasnifu ya maneno 24,000 haiingii!

KikoniUsiku:
Jamani, leo nina hasira na sitazificha. Chuo chetu kina leseni ya mtambo wa kukagua wizi wa maandishi, na sisi ndio tunaoilipia, maana ada ya maktaba iko kwenye risiti ya kila muhula. Ila mwanafunzi mwenyewe hana mlango wa kuingilia. Msimamizi ndiye anayefungua folda, na anaifungua siku ya kukabidhi kazi kwa watahini, basi. Yaani asilimia yako ya mfanano na maandishi ya wengine unaiona siku ileile unayohukumiwa nayo. Ikizidi 20, rudi nyumbani.

Nikaona bora ninunue huduma ya nje nijikague mapema. Tangazo lilisema kifurushi cha mwanafunzi, nyaraka bila kikomo kwa mwezi. Pesa zikatoka kwenye simu. Napakia tasnifu, naambiwa faili limezidi maneno 10,000! Kumbe nyaraka ni bila kikomo, lakini kila moja ina kikomo chake, na hilo limeandikwa kwa herufi za mchwa chini kabisa ya ukurasa. Na wanahesabu kila kilichomo: yaliyomo, majedwali, dodoso, marejeo, hata shukrani kwa mama. Nikawaandikia. Wakanijibu nipande kifurushi cha juu.

Nimeikata vipande vitatu. Sura ya kwanza na ya pili, maneno 9,000, mfanano 28%. Sura ya tatu, maneno 7,000, 11%. Zilizobaki pamoja na marejeo na viambatisho, maneno 8,000, 19%. Sasa asilimia yangu ni ngapi? Nani anisaidie kabla sijavunja kompyuta.

Mzee_wa_Mbale:
Pole ndugu, lakini hesabu hiyo mbona nyepesi. 28 na 11 na 19 ni 58, gawa kwa tatu unapata 19.3. Umepita, kalale. Na marejeo yanaondolewa kwa kubonyeza mara moja, yasikusumbue.

Mama Maktaba:
Mzee wangu, hapo kwenye kugawa kwa tatu umeteleza. Vipande havilingani urefu, kwa hiyo huwezi kuvipa uzito sawa. Rudini kwenye maneno yenyewe. Asilimia 28 ya 9,000 ni maneno 2,520. Asilimia 11 ya 7,000 ni 770. Asilimia 19 ya 8,000 ni 1,520. Jumla 4,810. Gawa kwa 24,000, inakuja 20.04%. Kwa chuo kinachokata 20, huyu kijana amekwama mlangoni.

Ila na wewe KikoniUsiku usiishike hiyo 20.04 kama Msahafu. Mtambo wa chuo, Turnitin, hautasoma kitu kilekile. Huduma nyingi za bei ya chini zinalinganisha na kurasa zilizo wazi mtandaoni tu. Turnitin inalinganisha pia na majarida ya kulipia na ghala la kazi za wanafunzi waliotangulia. Sura yako ya mapitio ya maandiko, yenye 28, ndiyo inayoweza kupanda zaidi huko. Usihangaike na namba moja, fungua ripoti uangalie mistari iliyopakwa rangi. Kama ni jina la wizara au sentensi ya kawaida ya mbinu za utafiti, iache. Kama ni aya nzima kutoka chanzo kimoja, andika upya kwa maneno yako.

Na hilo la marejeo ni kweli nusu. Kichungi cha "Exclude Bibliography" kinatambua orodha kwa kichwa chake, kama "References", kikiwa peke yake kwenye mstari. Ukikata faili kichwa kikabaki kwenye kipande kilichotangulia, orodha yote inasomwa kama maandishi ya kawaida, na kila kitabu kinapakwa rangi. Kwa hiyo kata kwa sura, usikate kwa idadi ya maneno.

Nakato_Jinja:
Samahani nyabo, mimi kilio changu ni kingine kidogo. Programu yangu ya marejeo niliisajili kwa barua pepe ya chuo, na nafasi ilikuwa kubwa maana chuo kinalipa. Nimemaliza masomo, wamefunga barua pepe bila hata kuniaga. Sasa nafasi imerudi MB 300 na PDF mpya hazipandi. Je, marejeo yangu yote yamepotea? Ripoti ya kazi naitaka wiki ijayo!

Mama Maktaba:
Hayajapotea, mwanangu. Kama ni Zotero, hizo MB 300 za bure ni za mafaili tu, yaani PDF zenyewe. Majina ya waandishi, miaka, vichwa na maelezo yako havihesabiwi humo, vinaendelea kusawazishwa hata nafasi ikijaa. Na PDF ulizokuwa nazo kwenye kompyuta bado zimo kwenye folda ya "storage", usiifute. Nenda sehemu ya "Sync", zima usawazishaji wa mafaili, programu itaacha kulalamika. Nenosiri kama unalikumbuka, ingia zotero.org leo uweke barua pepe yako binafsi. Anayebaki na barua pepe ya chuo iliyokufa atapata taabu siku akisahau nenosiri.

Kijana_Gulu:
Mnajichosha bure. Pale Wandegeya kwenye vibanda vya kuchapisha kuna jamaa ana akaunti ya mwalimu wa chuo fulani cha nje. Unampa faili zima, hakuna kikomo cha maneno, unapewa ripoti halisi ya Turnitin.

Sserwanga_PhD:
Kijana, usimpeleke mwenzako shimoni. Rafiki yangu alifanya hivyo. Folda ya yule jamaa ilikuwa inahifadhi kila kinachopakiwa. Alipokabidhi chuoni mfanano ukatoka 97%, chanzo kimeandikwa ni kazi ya mwanafunzi wa chuo ambacho hajawahi kukiona hata kwenye picha. Chuo chetu hakikuweza kuifuta, kwa sababu nakala si yao. Ombi la kufuta lilipaswa kutoka kwa mwalimu wa huko, na msimamizi wa akaunti wa huko aidhinishe. Nani ataomba, wakati mwenye kibanda anaiba akaunti?

KikoniUsiku:
Sasa mnaona hasira yangu inatoka wapi? Mlango wa halali umefungwa, wa kulipia ni mwembamba, na wa Wandegeya una nyoka. Halafu ada tunalipa.

Mama Maktaba:
Hapo sikubishii. Jambo la kudai ni dogo kuliko mnavyofikiri. Mwalimu anaweza kufungua folda ya rasimu, akachagua kwenye mpangilio "Do not store the submitted papers". Kazi inakaguliwa nzima, haihifadhiwi, na haitakurudia kama wizi wako mwenyewe. Akiruhusu kupakia upya, ripoti tatu za mwanzo za marudio huja bila kuchelewa, baada ya hapo kila moja inasubiri saa 24. Haiongezi shilingi kwenye leseni.

Sserwanga_PhD:
Wa kwangu nilimwomba hivyohivyo. Alisema wanafunzi watatumia rasimu kucheza na asilimia hadi ishuke.

Mzee_wa_Mbale:
Na si uongo, wapo wanaobadilisha neno moja moja tu.

KikoniUsiku:
Basi wafungue mara moja tu, mwezi mmoja kabla. Kesho naenda ofisini kwa msimamizi wangu na hesabu ya Mama Maktaba mkononi. Swali moja limebaki: hiyo 20 ya chuo inapimwa kabla ya kuondoa marejeo au baada? Mwongozo wetu hausemi.

Mama Maktaba:
Nimeona idara mbili za chuo kimoja zikipima tofauti. Mwombe akuandikie jibu, usikubali la mdomo.