Barua ya Musa ya kupandisha kodi (gumzo la kikundi cha ukoo)

Musa: Salaam wote. Dada Rehema, nipitilie hii kabla sijaigawa kwa wapangaji: "Kutokana na hali ya maisha, kodi inapanda kutoka 10,000 hadi 11,500 kuanzia tarehe 1 Mei. Asiyeridhika ahame." Nimeiandika tarehe 25 Februari, nitaipeleka nikipita huko, tarehe 3 Machi.

Shangazi Halima: Musa mwanangu, unawafukuza watu wa watu? Wana watoto wale!

Musa: Hapana shangazi, ni kodi tu inapanda.

Rehema: Shangazi kaisoma kama mpangaji atakavyoisoma. Futa "asiyeridhika ahame". Notisi ya kodi ni barua moja, ya kuhama ni nyingine. Ukizichanganya, siku ya mzozo kila mtu ataisoma anavyotaka.
Halafu tarehe. Mkataba unasemaje?

Musa: Notisi ya miezi 2, kodi inalipwa kila tarehe 1.

Rehema: Basi Mei haiwezekani. Miezi inahesabiwa tangu mpangaji alipoipokea, siyo tangu ulipoiandika. Akiipokea tarehe 3 Machi, miezi 2 inatimia tarehe 3 Mei, na kodi ya Mei ilishaanza kuhesabika tarehe 1. Kodi mpya inaanza tarehe 1 Juni. Ungeifikisha kabla Februari haijaisha, Mei ingekuwa yako. Na kama sheria ya huko inataka muda mrefu kuliko mkataba, fuata sheria.

Idi: Mnajisumbua na karatasi. Nyumba yake, anapandisha anapotaka. Sababu za nini?

Rehema: Nusu uko sahihi Idi. Kuna mahali sababu hailazimishwi. Lakini mwenye mkataba wa muda maalumu humpandishii katikati, labda kiwe kimo kifungu kinachoruhusu. Na barua isiyo na sababu, ikifika wiki moja baada ya mpangaji kulalamikia choo, itaonekana ni kisasi.

Zuhura: Dada, mimi mkataba wangu ni wa mwaka, unaisha Septemba, na baba mwenye nyumba kanipandishia kwa mdomo tu mwezi huu. Nilipe?

Rehema: Soma mkataba kwanza, tafuta neno "kodi inaweza kubadilishwa". Kama halimo, endelea na kodi ya zamani, mwombe aandike. Nipigie jioni.
Musa, sababu zako hasa ni zipi? "Hali ya maisha" haina hesabu.

Musa: Pampu mpya ya maji 72,000. Mshahara wa mlinzi umeongezeka 4,800 kwa mwezi. Umeme wa taa za nje na pampu umepanda 3,000 kwa mwezi. Na kupaka rangi, na bomba lililokuwa linavuja.

Rehema: Rangi na bomba toa. Hayo ni matengenezo ya kawaida, kodi ya sasa ndiyo inayoyalipia. Yaliyobaki gawa kwa nyumba 6: mlinzi 800, umeme 500. Pampu usiidai kwa mkupuo, itandaze miaka 5: 72,000 gawa kwa 6 ni 12,000, gawa kwa miezi 60 ni 200. Jumla 1,500, yaani asilimia 15 ya kodi ya sasa. Iweke hesabu hiyo ndani ya barua.

Zuhura: Na miaka 5 ikiisha, ile 200 inashuka?

Idi: 😂😂 Jibu hilo Musa.

Musa: Pampu yenyewe itakuwa imechoka…

Rehema: Hapo kila mtu na mtazamo wake. Mimi ningeiandika kama tozo ya pembeni yenye tarehe ya mwisho.
Kiini cha barua kiwe hivi:

"Kwako (jina), nyumba namba 4. Kodi ya pango ya sasa ni 10,000 kwa mwezi. Kuanzia tarehe 1 Juni itakuwa 11,500. Sababu: (ile hesabu). Masharti mengine ya mkataba hayabadiliki. Ukiwa na hoja, niandikie kabla ya tarehe 30 Aprili."

Andika "kodi ya pango", maana ukisema "kodi" tupu mtu atadhani ni ya serikali. Toa nakala mbili kwa kila mpangaji, moja asaini na kuandika tarehe aliyopokea. Akikataa kusaini usigombane naye, shahidi aandike siku na saa ilipoachwa.

Musa: Na Juni akinipa 10,000 tu?

Rehema: Pokea, lakini risiti isiandikwe "kodi ya Juni imelipwa". Andika "sehemu ya kodi ya Juni, salio 1,500". Hapo ndipo wengi wanajifunga wenyewe.

Idi: Na ile amana ya mwezi mmoja, nayo iongezwe ifikie 11,500?

Rehema: Inategemea mkataba umeitaja kwa tarakimu au kwa "kodi ya mwezi mmoja". Musa, piga picha ukurasa huo uutume hapa.

Musa: Uko nyumbani, nitautuma usiku.

Shangazi Halima: Kwa hiyo hawahami?