Tupeane uzoefu: umepata shoti jioni, yaani hela za droo zimepungua, unaisakaje kwenye slipu?

DirishaLaNne
Wakuu wa dirishani, tuelekezane kwa mfano huu. Asubuhi keshia kachukua 5,000,000 kutoka volti, chumba cha kuhifadhia hela za benki. Walioweka kwa siku nzima, kwa mujibu wa mfumo, ni 18,640,000, waliotoa ni 11,270,000, na saa nane alirudisha 8,000,000 kule volti. Droo inatakiwa iwe na 4,370,000. Noti na sarafu zikihesabiwa zinatoka 4,010,000. Shoti 360,000. Wewe unaanzia wapi?

TisaTisa
Gawanya kwa 9. Unapata 40,000 kamili, hakuna baki, kwa hiyo tarakimu zimegeuzwa. Tafuta slipu ya 480,000 iliyoingizwa 840,000. Umemaliza.

MzeeWaVolti
TisaTisa, mdogo wangu, hapo umepatia nusu. Kugawanyika kwa 9 kunakuonyesha pa kutazama, hakuthibitishi kitu. Noti 36 za elfu kumi zikizidi kwenye malipo, nazo zinagawanyika kwa 9. Halafu ukiacha 480 kwa 840, kuna 150 kwa 510, kuna 260 kwa 620. Na hiyo 40,000 uliyoipata ndiyo ningeitafuta kwanza: slipu ya 40,000 ikichapwa 400,000, yaani sifuri moja imezidi, tofauti yake ni hiyo hiyo 360,000.

Kabla ya slipu, hesabu droo upya, na ahesabu mtu mwingine. Fungua vibunda, usiamini karatasi iliyofungwa juu. Noti mbili mpya hugandana mashine ikazipitisha kama moja, kwa hiyo mpya zipepete kwanza. Inua na trei ya sarafu uone chini yake.

Ikibaki ile ile, tenga slipu za kuweka na za kutoa, jumlisha kila fungu kwa kikokotoo chenye karatasi, kisha linganisha na jumla ya mfumo. Soma kiasi kwenye slipu yenyewe. Ukisoma kwenye skrini utarudia kosa lile lile.

Zawadi_K
Shikamoo mzee. Je, kama aliyekuja kutoa ameingizwa kama anaweka?

MzeeWaVolti
Marahaba. Hapo shoti inakuwa mara mbili ya muamala, kwa hiyo unatafuta 180,000. Utaitambua kwa sababu mafungu yote mawili yatakataa: slipu za kuweka zitapungua 180,000 kwenye jumla ya mfumo, na za kutoa zitazidi 180,000. Hata idadi ya slipu haitalingana na idadi ya miamala. Lakini fungu moja tu likikataa kwa 360,000 na idadi iko sawa, hilo ni kosa la tarakimu.

Kwa mfano wetu, tuseme slipu za kuweka zimetoka 18,280,000 na za kutoa 11,270,000. Achana na za kutoa. Chukua za kuweka, weka tiki moja moja kwenye orodha ya miamala kwa mpangilio wa saa. Utafika kwenye slipu ya "elfu arobaini tu" kwa maneno, kwenye mchanganuo wa noti imeandikwa 10,000 mara 4, na mfumo unasoma 400,000. Hapo ipeleke kwa msimamizi airekebishe siku hiyo hiyo. Usitoe hela mfukoni kujazia, maana kosa litabaki kwenye akaunti ya mteja.

MamaUwakala
Samahani, mimi ni wakala wa simu, sina slipu. Juzi nimepungukiwa 20,000. Na mimi nigawanye kwa 9?

Zawadi_K
Dada, kwako jumlisha taslimu na floti, ondoa kamisheni iliyoingia, uone kama inalingana na mtaji. Kisha pitia meseji na daftari. 20,000 haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo tarakimu kugeuzwa hapana. Angalia kama kuna 10,000 ya kutoa uliyoifanya ya kuweka.

MamaUwakala
Ipo ya saa tano sielewi ilikuwaje. Ngoja nimpigie huyo mteja.

DirishaLaNne
Mzee, na slipu zote zikikubali pande zote mbili?

MzeeWaVolti
Basi kosa liko kwenye noti zenyewe. Anza na karatasi ya kurudisha volti: kibunda cha noti 100 za 10,000 kikiandikwa kama cha 5,000, unapungukiwa 500,000 kamili na volti inazidi hiyo hiyo. 360,000 haifanani na hilo. Kinachobaki ni malipo makubwa ya taslimu, na kamera.

TisaTisa
Nimekubali kuhusu 9. Ila lile la 400,000: mteja akiwa ameshazitoa ATM kabla ya saa kumi?

Zawadi_K
Ukiibatilisha, akaunti inaingia hasi. Kwetu msimamizi anampigia kwanza.

MzeeWaVolti
Mimi ningerekebisha kwanza, simu baadaye. Hapo najua hatukubaliani.