Mrejesho: skrini ya malipo ya Kichina

Niliuliza: "Nikiskani QR iliyobandikwa dukani Guangzhou kwa Alipay, naandika pesa wapi, nabonyeza nini?"

Ahsanteni jamaa, nimesharudi Malindi na kava zangu za simu. Ukishaskani, juu kabisa ya skrini huwa jina la anayelipwa. Kama ni mtu binafsi, baadhi ya herufi huweza kufichwa, kwa hiyo nilikuwa namwonyesha muuzaji skrini aitikie kwanza. Penye 金额 ndipo pa kiasi, tena kwa yuani, si shilingi: bei 35, unaandika 35 basi. Kitufe cha kuthibitisha ni 确认付款, kisha unaweka nywila. Ukiona 支付成功, pesa zimekwenda. QR inayotolewa na mashine ya kaunta huja na kiasi chake tayari; hicho kilinganishe na bei kabla hujabonyeza.