Kadi ya mada inanikausha mdomo, naombeni ushauri

Mtahiniwa_Mpya: Wakuu, wiki ijayo nina mtihani wa kuzungumza. Unapewa kadi yenye mada na vidokezo, unajiandaa kidogo, kisha unaongea dakika moja peke yako. Jana kwenye mazoezi kadi yangu ilisema: Eleza zawadi uliyopewa. Nani alikupa, lini, ilikuwaje, kwa nini unaikumbuka. Nikasema dada alinipa saa, mwaka jana, ni nzuri, naikumbuka kwa kuwa imetoka kwake. Sekunde 15, nikanyamaza. Maisha yangu hayana visa. Nyie maneno mnayatoa wapi?

Baba_Wawili: Gawa hotuba kwenye kadi ndogondogo, kila moja hoja moja. Kazini ilinisaidia sana.

Mtahiniwa_Mpya: Asante kaka, ila kadi hii napewa na mtahini, siiandiki mimi.

Kalamu_Nyekundu: Mdogo wangu, kisa unacho. Umevijibu vidokezo kama dodoso, kila kimoja sentensi moja, ndiyo maana vimeisha haraka. Nani na lini vimalize ndani ya sekunde 10. Kisha shika tukio moja tu, pale ulipoipokea ile saa, ukae hapo nusu dakika. Mlikuwa wapi? Alisema nini? Ulipoivaa ilikuwaje?

Mtahiniwa_Mpya: Mkanda ulikuwa mkubwa. Akatoboa tundu kwa msumari palepale, huku anacheka.

Kalamu_Nyekundu: Hapo sasa! Kwenye karatasi andika maneno manne tu: saa, msumari, kicheko, tundu. Ukiandika sentensi utaanza kuzisoma, na muda wa kujiandaa utaishia kwenye sentensi ya pili. Sekunde 20 za mwisho ziachie "kwa nini", maana watu hufika hapo wameishiwa. Usiseme tu ni ya dada. Sema kila ukifunga mkanda unaliona lile tundu lililokaa upande, na linakukumbusha nini. Maneno yakikata, rudi nyuma: kabla ya saa hiyo ulikuwa unajuaje muda?

Shada: Mimi nilikariri kisa kimoja cha safari, kila kadi naisukumia huko.

Kalamu_Nyekundu: Kuwa na visa viwili vitatu vyako tayari, sawa. Kukariri neno kwa neno hapana. Sauti inabadilika, unakwenda mbio bila kupumua, na kadi ikiuliza mtu wewe unasimulia barabara. Mtahini anagundua mapema.

Shada: Je, kama kweli sijawahi kupewa zawadi, nitunge?

Kalamu_Nyekundu: Kinachopimwa ni lugha, hakuna atakayekwenda kuhakiki. Ila mimi huwashauri wanafunzi wachukue kitu cha kweli, hata kalamu ya kuazima, kwa sababu cha kutunga hakina msumari.

Shada: Hapo sikubaliani, mimi hutunga na maneno hayanikatiki.

Mtahiniwa_Mpya: Nimejaribu sasa hivi, nikijipima muda kwa simu. Sekunde 52. Nimekwama kwenye "kwa nini", narudia tena usiku.